Nimkatalieje mwanafunzi wangu wa zamani barua ya mapendekezo?

"Kijana niliyemfundisha miaka mitatu iliyopita ameniomba barua ya mapendekezo ya kuombea shahada ya uzamili. Nilimfundisha somo moja tu, darasa la watu 130, akapata C. Ninalolikumbuka zaidi ni kazi zake kufika zikiwa zimechelewa. Ameniandikia kwa adabu sana na anasema ananiheshimu kuliko walimu wote. Siwezi kumwandikia barua nzuri bila kudanganya, lakini sitaki kumvunja moyo. Nimwambieje? Tarehe ya mwisho ni wiki tano zijazo."

Mwalimu mwenzangu, mkatalie, na jibu lako limfikie kabla wiki hii haijaisha. Wiki tano zinamtosha kumpata mwalimu mwingine, kumpelekea nyaraka zake na kumwachia nafasi ya kuandika kwa utulivu. Wiki mbili hazimtoshi. Ukikaa na ujumbe wake siku kumi ukitafuta maneno laini, utakuwa umekula muda ambao kwa sasa ndio kitu cha thamani zaidi anachoweza kupata kutoka kwako. Kosa hili nimeliona zaidi kwa walimu wenye huruma kuliko kwa wakali. Mwalimu mkali hujibu siku hiyohiyo, mwanafunzi akahuzunika, kisha akabisha hodi kwingine. Mwenye huruma hunyamaza, na mwanafunzi anauhesabu ule ukimya kuwa ni ndiyo.

Nadhani umeshajiuliza kama si afadhali umwandikie barua ya kawaida, isiyomsifu sana wala kumchafua, kuliko kumwacha mikono mitupu. Nimekaa kwenye kamati ya udahili kwa miaka kadhaa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba barua ya kawaida ndiyo inayoumiza. Msomaji wa kamati ana mafaili mengi mbele yake. Akifungua barua anatafuta mambo mawili: mwandishi anamfahamu mwombaji kwa njia gani, na amemwona kwa macho yake akifanya nini. Sasa soma barua hii kama angeisoma yeye: "Nilimfundisha somo moja katika mwaka wa pili. Alihudhuria vipindi vyake. Ni kijana mwenye nidhamu na anashirikiana vizuri na wenzake." Hakuna sentensi hata moja hapo iliyomsema vibaya. Lakini msomaji anaiweka chini akiwa na hakika kwamba mwandishi hakuwa na la kusema juu ya akili ya mtu huyu wala juu ya kazi yake.

Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala aliyoichapisha mwaka 1975 kuhusu namna watu wanavyoelewana kwa yale wasiyoyatamka, alitumia mfano wa barua ya aina hiihii. Mwalimu anaulizwa kuhusu mwanafunzi wake anayeomba kazi ya falsafa, naye anajibu kwamba Kiingereza cha kijana ni kizuri sana na kwamba amekuwa akihudhuria masomo bila kukosa. Basi, barua imekwisha. Kila anayeisoma anaelewa kuwa mwalimu anamwona kijana huyo hafai kwa falsafa, ingawa hakuandika hivyo popote. Msomaji anajiambia: huyu mwalimu anajua ninachotaka kujua, na nafasi ya kuandika alikuwa nayo. Kama angekuwa na zaidi, angelisema.

Na barua siku hizi mara nyingi haiji peke yake. Fomu nyingi za vyuo zina jedwali linalokutaka umlinganishe mwombaji na wote uliowahi kuwafundisha: yuko katika asilimia 5 ya juu, 10, 25, nusu ya juu, au chini ya hapo. Kuna mistari ya uwezo wa kufikiri, uandishi, kujituma, kutimiza ahadi kwa wakati. Kwa kijana uliyemweleza, mkono wako ukiwa mkweli utatia alama kwenye visanduku vya katikati na chini, na kwenye ule mstari wa kutimiza ahadi hutakuwa na pa kujificha. Yeye naye hataviona visanduku hivyo, maana maombi mengi humtaka mwombaji akubali kutoisoma barua. Ataendelea kuamini kwamba mwalimu anayemheshimu kuliko wote amemsemea vizuri.

Niliwahi kuiandika barua kama hiyo miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha. Dada mmoja mpole, aliyeketi safu ya nyuma, alikuja ofisini, na kukataa kukanishinda. Niliandika nusu ukurasa, maneno mazuri matupu. Hakupata nafasi, na alirudi kunishukuru kwa barua hata hivyo. Siku hiyo ndipo aliponiambia kwamba alifanya kazi karibu mwaka mzima na msimamizi wa maabara ambaye alikuwa akimwachia ufunguo, lakini hakumwomba yeye kwa sababu cheo changu kilikuwa kikubwa zaidi. Sijui kama barua yangu ndiyo iliyomwangusha. Ninachojua ni kwamba ningemwambia hapana, angekwenda kwa yule wa maabara.

Kabla hujamwandikia, toa nusu saa ufungue kumbukumbu zako. Nasema hivi kwa sababu kumbukumbu ya kichwani hukamata tukio moja na kulifanya ndiyo tabia ya mtu. Angalia daftari la alama: kazi ngapi zilichelewa, kwa siku ngapi? Kama ni kazi mbili za mwezi mmoja, huenda kulikuwa na jambo nyumbani. Kama ni nne kati ya tano tangu mwanzo hadi mwisho wa muhula, ulichokikumbuka ni kweli. Soma barua pepe zake za wakati ule. Kama una kazi yake hata moja uliyoisahihisha, isome tena. Kisha jaribu kuandika sentensi tatu ambazo haziwezi kusemwa juu ya mwanafunzi mwingine yeyote katika lile darasa la watu 130. "Swali la nne la mtihani alilijibu kwa njia ambayo sikuwa nimeifundisha" ni sentensi ya aina hiyo. "Ni mwenye bidii" siyo. Ukizipata tatu, na zikawa za kumjenga, mwandikie. Ukiishia kwenye moja, jibu lako limepatikana, na sasa utakataa ukiwa umeshika ushahidi badala ya hisia.

Ukaguzi huo unakulinda pia na jambo ambalo wengi wetu hatulioni ndani yetu. Mwaka 2003 watafiti Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa zaidi ya barua 300 za kuwapendekeza madaktari kwenye kazi za kufundisha katika chuo kimoja cha tiba cha Marekani. Waligundua kwamba barua zilizoandikwa kuwapendekeza wanawake kwa wastani zilikuwa fupi kuliko za kuwapendekeza wanaume, na zilikuwa na maneno mengi zaidi ya kupanda shaka. Sidhani kama waandishi wale walikusudia kumdhuru mtu. Kwa hiyo ukiona huna la kusema juu ya mwanafunzi fulani, jiulize kama kweli hakufanya kitu au ni wewe hukumtazama.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, maana hapo ndipo watu hukwama. Jibu linalowajia wengi kwanza ni "nimebanwa sana na kazi kipindi hiki". Kuna kipimo kimoja ninachokitumia kwa kila sababu kabla sijaitoa: je, sababu hii ikiondoka, nitakubali? Mwanafunzi akikujibu, "Hakuna shida Mwalimu, dirisha la pili la maombi ni baada ya miezi sita, nitasubiri," utamwandikia? Kama hutamwandikia, basi kubanwa na kazi siyo sababu yako, na yeye ataujenga mpango wake juu ya maneno yasiyo ya kweli. Nimeona kijana aliyeahirisha maombi mwaka mzima akimsubiri mwalimu apate nafasi.

La pili linalotumika sana ni "nadhani mwingine atakufaa zaidi". Hilo ni kweli, ila likisimama peke yake halisikiki kama kukataa. Mwanafunzi mwenye adabu ataona unajishusha, na atajibu, "Hapana Mwalimu, wewe ndiye ninayekutaka." Hapo utalazimika kukataa mara ya pili, na ya pili huuma zaidi. Neno lenyewe la kukataa lazima liwepo kwenye ujumbe, mapema, na liandikwe mara moja.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi kusikia umeamua kuendelea na masomo.

Kabla ya kukujibu nimefungua kumbukumbu zangu za muhula ule. Sitaweza kukuandikia barua hii. Nilikufundisha somo moja tu, katika darasa kubwa, na nilichonacho juu ya kazi yako hakitoshi kuandika barua yenye nguvu. Kamati inamtaka mtu anayeweza kueleza kwa mifano jinsi unavyofikiri na unavyofanya kazi. Barua yangu ingekuwa fupi na ya jumla, na barua ya namna hiyo hudhoofisha maombi.

Mtafute aliyesimamia utafiti wako wa mwaka wa mwisho, au anayekusimamia kazini sasa. Mpelekee wasifu wako, maelezo ya programu unayoomba, na kazi moja uliyoifanya chini yake ili akumbuke. Umuulize waziwazi kama anaweza kukuandikia barua yenye nguvu, siyo kama anaweza kukuandikia barua tu.

Bado una wiki tano. Ukitaka niyapitie maelezo yako ya kuombea nafasi kabla hujayatuma, nitumie kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, nitayasoma."

Tazama kwamba hapana imekaa kwenye sentensi ya pili ya aya ya pili, na haikuanza na "kwa bahati mbaya" wala "natamani ningeweza". Maneno hayo humfanya msomaji atafute mlango ulioachwa wazi. Sababu nayo imewekwa kwenye kile ulichonacho mkononi, na ukiipima kwa kipimo chetu inasimama: kama angekuwa na kazi tatu za kukuonyesha ambazo ulizisahau, ungeandika. Ahadi ya mwisho iweke tu kama utaitimiza. Kama hutapata muda wa kusoma maelezo yake, ifute kabisa. Usimpe kifuta machozi ambacho hakitafika.

Utaniuliza kuhusu zile kazi zilizochelewa: je, kuzinyamazia si kuficha? Inategemea ulichokikuta kwenye daftari. Kama hata angewahisha zote bado usingekuwa na la kuandika, basi sababu yako halisi ni kutomfahamu, na kuongeza lawama ya miaka mitatu iliyopita kwenye ujumbe wa kukataa ni kumpiga mtu aliyekwisha kukaa chini. Lakini kama kuchelewa ndiko kunakokuzuia, kiasi kwamba hata angeleta rundo la kazi nzuri bado ungesita, basi mwambie. Mwambie kwa hesabu, siyo kwa hukumu: "Kazi nne kati ya tano zilinifikia baada ya muda, na fomu inaniuliza moja kwa moja kama unatimiza kazi kwa wakati. Nikijibu kwa ukweli, itakuumiza." Sentensi hiyo inamfaa. Inamwonyesha kitu ambacho huenda hakujua kwamba kuna mtu alikiandika, na inamwachia nafasi ya kuwa amebadilika. Ukimwambia "wewe ni mzembe", hana la kufanya nalo.

Huenda akarudi. Wengi hurudi mara moja, na sentensi wanayoileta karibu ni ileile: "Mwalimu, andika chochote tu, mimi nitashukuru." Nyuma yake mara nyingi kuna hofu kwamba hana mwingine, kwa hiyo badala ya kubishana naye, muulize: nani mwingine aliwahi kusoma kazi yako akaitolea maoni? Nani alikuona ukifanya kazi kwa zaidi ya miezi mitatu? Nilipomuuliza hivyo mwanafunzi mmoja niliyekuwa nimemkatalia, alinyamaza, kisha akamtaja mhadhiri msaidizi aliyekuwa akiongoza vikundi vya mazoezi. Alidhani mtu yule ni mdogo mno. Nilimwambia kwamba kamati itamsikiliza mtu mdogo aliyemfahamu kuliko mkubwa asiyemfahamu, na kwamba mahali pengine mhadhiri msaidizi huandika na mhadhiri mkuu wa somo akatia saini pamoja naye. Mazungumzo hayo yalichukua dakika kumi, na yalimsaidia kuliko barua yoyote ambayo ningeiandika.

Ukiona ujumbe unamwelemea, mpigie simu au mwite, lakini maandishi yatangulie. Ukimwita kwanza bila kumwambia kitu, atakuja amevaa vizuri akidhani amekubaliwa.

Kuna hali moja ambayo ningekushauri usikatae hata kama huna mazuri mengi: pale programu inapodai barua ya mtu mwenye cheo fulani, na mwenye cheo hicho ni wewe peke yako. Msimamizi wa tasnifu yake, kwa mfano. Ukikataa hapo unakuwa umefunga maombi yake, na pengo la jina lako litasomwa vibaya kuliko barua ya wastani. Katika hali hiyo mwambie barua itakuwa na nini: "Nitathibitisha kichwa cha utafiti wako, muda tuliofanya kazi, alama uliyopata, na kwamba uliikamilisha. Nitaeleza pia kwamba uchambuzi wako wa data ulihitaji msaada mkubwa. Ukiujua huo ukweli, bado unataka nitume?" Kisha mwache aamue. Wapo watakaokubali, na ni haki yao. Lakini wewe ulimfundisha somo moja tu kati ya mengi aliyosoma, kwa hiyo hali hii haikuhusu.

Jambo la mwisho ni la utaratibu tu, ila limewaharibia wengi. Waombaji wengine hujaza jina la mwalimu kwenye mfumo wa chuo kabla hata hawajamwomba, na wewe unashtukia kiungo kimeingia kwenye barua pepe yako. Kama kiungo hicho kimeshakufikia, usibonyeze kitufe cha kukataa kabla hujazungumza naye. Baadhi ya mifumo humtumia mwombaji taarifa papo hapo, na ataipokea hapana yako kutoka kwa mashine. Mwandikie kwanza. Mwombe aingie kwenye akaunti yake aondoe jina lako na kuweka la mwingine, jambo ambalo mifumo mingi huruhusu maadamu hujatuma barua. Mpe siku mbili tatu, kisha umuulize kama ameweza. Na chuo kikikuandikia kuuliza kwa nini barua haijaja, waambie tu kwamba mwombaji atamtumia mdhamini mwingine. Daftari lako la alama, na uliyoyakuta ndani yake, hawajakuomba.